Mzingo wa Duaradufu kwa Vituo Kumi na Sita

Tuseme una bustani yenye umbo la duaradufu, urefu wake mita 10 na upana mita 8, na unataka kujua uzio wa kuizunguka uwe wa mita ngapi. Ingekuwa duara, ungezidisha kipenyo kwa π na kazi ingeisha. Duaradufu haina njia fupi ya namna hiyo. Eneo lake hupatikana kwa mstari mmoja wa hesabu, lakini mzingo wake hauna kanuni yoyote iliyojengwa kwa kujumlisha, kuzidisha na vipeuo vichache tu. Lazima ukadirie.

Mwaka 1827 Siméon Denis Poisson, mwanahisabati wa Paris, alichapisha makala kuhusu kukadiria hesabu za aina hii, na mfano wake ulikuwa duaradufu ya uwiano huu huu, upana ukiwa nne kwa tano ya urefu. Alitumia njia ambayo wanafunzi hufundishwa mwanzo kabisa kisha huambiwa waiache waende kwenye njia bora zaidi: kanuni ya trapeza. Kwa vituo 16 tu kuzunguka bustani yetu, njia hiyo inakosea mzingo kwa takriban sehemu 17 za bilioni moja za mita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko kosa hilo maelfu ya mara.

Vitabu vya shule vinasema kweli vinapodai kwamba kanuni hii ni dhaifu. Swali ni kwa nini udhaifu huo unatoweka hapa, na unatoweka kwa masharti gani.

Kanuni yenyewe

Trapeza ni umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ni sambamba. Ukichora grafu ya mwendo wa kitu, kasi ikipimwa wima na muda ukipimwa mlalo, umbali uliosafiriwa ni eneo lililo chini ya mkunjo wa grafu. Kama kasi inabadilika kwa mstari ulionyooka, eneo hilo ni trapeza, nalo ni sawa na wastani wa kasi ya mwanzo na ya mwisho ukizidishwa kwa muda.

Wazo hilo ni la kale sana. Mwaka 2016 mtafiti Mathieu Ossendrijver alionyesha kwamba mabamba ya udongo ya Babeli, yaliyoandikwa kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo, yanalitumia kufuatilia sayari ya Jupita. Kasi yake ilichukuliwa kuwa dakika 12 za digrii kwa siku, ikapungua hadi dakika 9.5 baada ya siku 60. Wastani ni 10.75, na mara siku 60 inakuwa dakika 645, yaani digrii 10 na dakika 45.

Mkunjo usionyooka hukatwa vipande vyembamba vyenye upana sawa. Upana huo tuuite h. Katika kila kipande unaunganisha ncha mbili za mkunjo kwa mstari ulionyooka, unapata trapeza, kisha unajumlisha trapeza zote. Kila kituo cha ndani kinatumiwa na vipande viwili, kwa hiyo kinahesabiwa kikamilifu. Vituo viwili vya mwisho vinahesabiwa nusu nusu.

Kosa linatoka wapi

Kosa ni lile eneo jembamba linalobaki kati ya mstari ulionyooka na mkunjo. Tulipime kwenye mkunjo rahisi kuliko yote, y = x², katika kipande kinachoanzia 0 hadi h. Mstari unaounganisha ncha zake ni y = hx. Tofauti ya urefu kati ya mstari na mkunjo, mahali popote x, ni hx − x², yaani x(h − x). Ni sifuri kwenye ncha zote mbili na kubwa zaidi katikati. Eneo la tofauti hiyo ni h³/2 kutoa h³/3, ambalo ni h³/6.

Sasa angalia mteremko wa mkunjo huo. Mwanzoni, kwenye 0, mteremko ni 0. Mwishoni, kwenye h, mteremko ni 2h. Umebadilika kwa 2h. Kosa letu, h³/6, linaweza kuandikwa hivi:

kosa la kipande = (h²/12) × (mteremko wa mwisho − mteremko wa mwanzo)

Maana h²/12 mara 2h ni h³/6. Umuhimu wa kuliandika hivyo ni kwamba halitegemei tena kama mkunjo ni x² au ni mwingine. Mkunjo wowote laini, ukiutazama katika kipande chembamba, ni karibu sawa na mstari ulionyooka ukiongezewa kipande cha x² kilichozidishwa kwa namba fulani. Mstari ulionyooka unapimwa na trapeza bila kosa lolote. Kinachobaki ni ile sehemu ya x², na mabadiliko ya mteremko yanatuambia ni kubwa kiasi gani. Mkunjo ukiwa kama bakuli, mteremko unaongezeka na trapeza inazidisha. Ukiwa kama kilima, mteremko unapungua na trapeza inapunguza.

Jumlisha sasa makosa ya vipande vyote. Mteremko wa mwisho wa kipande cha kwanza ndio mteremko wa mwanzo wa kipande cha pili. Mmoja unaingia kwa alama ya kujumlisha, mwingine kwa alama ya kutoa, na zinafutana. Hivyo hivyo kwa cha pili na cha tatu, mpaka mwisho. Kinachosalia ni ncha mbili za nje tu:

kosa lote ≈ (h²/12) × (mteremko wa mwisho kabisa − mteremko wa mwanzo kabisa)

Tuijaribu. Eneo chini ya y = x² kati ya 0 na 1 ni 1/3. Tukitumia vipande 10, h ni 0.1, na trapeza zinatoa 0.335. Kosa ni 1/600. Kanuni yetu inasema 0.01/12 mara tofauti ya miteremko, ambayo ni 2 kutoa 0, na jibu ni 1/600 barabara. Tukitumia vipande 20, h inapungua nusu, h² inapungua mara nne, na kosa linakuwa 1/2400.

Vitabu vingi huandika kosa hili kwa sura nyingine, (b − a)h²/12 ikizidishwa na kasi ya kubadilika kwa mteremko mahali fulani kati ya a na b. Sura hiyo ni sahihi, lakini inatuambia tu kosa ni la ukubwa gani na haituonyeshi linatoka wapi. Mtu akiitazama atadhani kila kona ya mkunjo inachangia. Sura ya miteremko inaonyesha kwamba, kwa hesabu ya kwanza, mambo yote ya katikati yamefutana na deni limebaki kwenye ncha.

Huu ndio udhaifu unaotajwa shuleni. Ukitaka tarakimu moja zaidi ya usahihi, kosa lipungue mara 10, inabidi uongeze vipande zaidi ya mara tatu. Ukitaka tarakimu sita zaidi, uongeze mara elfu moja. Kwa watu wa wakati wa Poisson, waliohesabu kwa kalamu, hilo halikuwezekana.

Mkunjo unaorudi ulikoanza

Turudi bustanini. Tuchukulie mtu anayezunguka ukingo wake, mahali pake pakiwa (5 sin θ, 4 cos θ), huku pembe θ ikienda kutoka digrii 0 hadi 360. Njia anayoikata kwa kila kipande kidogo cha pembe ni mita 5 mara kipeuo cha pili cha 1 − 0.36 sin²θ. Anapopita juu na chini ya bustani, sini ni sifuri na namba hiyo ya kipeuo ni 1. Anapopita kwenye ncha mbili za urefu, sini ni 1 au −1 na namba hiyo ni 0.8. Mzingo wote ni 10π ukizidishwa na wastani wa namba hiyo katika mzunguko mzima.

Mkunjo wa namba hiyo unajirudia. Ukifika digrii 360 umerudi digrii 0, kwa urefu ule ule na mteremko ule ule. Katika kanuni yetu ya kosa, mteremko wa mwisho kutoa mteremko wa mwanzo ni sifuri. Deni la ncha limelipika lenyewe, kwa sababu mkunjo wa mzunguko hauna ncha.

Kuna urahisi mwingine pia. Kituo cha mwisho ndicho kituo cha kwanza, kwa hiyo zile nusu mbili zinaungana kuwa kimoja kizima. Kanuni ya trapeza imegeuka kuwa wastani wa kawaida: pima kwenye vituo N vilivyopangwa kwa umbali sawa, jumlisha, gawanya kwa N.

Vituo vinne: 1, 0.8, 1, 0.8. Wastani ni 0.9, na mzingo unakuwa mita 28.274. Jibu la kweli ni mita 28.3616679, kwa hiyo tumekosea kwa sentimita 8.7.

Vituo vinane: tunaongeza pembe za digrii 45, ambapo sin² ni nusu na namba yetu ni kipeuo cha pili cha 0.82, yaani 0.9055385. Wastani unakuwa 0.9027693. Kosa limeshuka hadi theluthi moja ya milimita.

Vituo 16: tunaongeza digrii 22.5 na 67.5 pamoja na wenzao, namba zikiwa 0.9732827 na 0.8322985. Wastani unakuwa 0.9027799272, ilhali wa kweli ni 0.9027799278. Hapo ndipo tunapofikia zile sehemu 17 za bilioni moja za mita. Kwa kuwa robo nne za duaradufu zinafanana, vituo vyote 16 vinahitaji vipeuo vitatu tu vya kuhesabu, kwani 1 na 0.8 tunavijua tayari.

Kwa kanuni ya h², kila tunapoongeza vituo maradufu kosa lingepungua mara nne. Hapa mara ya kwanza limepungua mara 260 hivi, na mara ya pili mara zaidi ya 19,000. Kufutika kwa mteremko peke yake hakutoshi kueleza jambo hilo.

Sifuri nyingi bado si sifuri

Leonhard Euler na Colin Maclaurin, kila mmoja kivyake, waligundua katika karne ya 18 kwamba kosa la trapeza lina tabaka nyingi. Baada ya tabaka la h²/12 linafuata la h⁴/720, kisha la h⁶, na kuendelea. Kila tabaka lina umbo lile lile: tofauti ya kitu fulani kwenye ncha mbili. La kwanza ni tofauti ya miteremko. La pili ni tofauti ya mteremko ulionyambuliwa mara mbili zaidi, na kadhalika. Mkunjo laini unaojirudia una kila kitu sawa kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo tabaka zote ni sifuri.

Mtu anaweza kukimbilia kusema basi kosa lenyewe ni sifuri. Si kweli, na vituo vinne vimetuonyesha: tulikosea sentimita 8.7. Msururu wa Euler na Maclaurin unaahidi tu kwamba kosa linapungua haraka kuliko h², kuliko h⁴, kuliko kipeo chochote cha h unachoweza kutaja. Hausemi limebaki kiasi gani. Kosa lililobaki limejificha mahali ambapo msururu huo hauoni, na lazima tulitafute kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni ya mawimbi. Joseph Fourier alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mkunjo unaojirudia unaweza kuvunjwa kuwa namba moja isiyobadilika pamoja na mawimbi ya kosini na sini: wimbi linalopanda na kushuka mara moja katika mzunguko, linalofanya hivyo mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Ile namba isiyobadilika ndiyo wastani tunaoutafuta. Kila wimbi lina wastani wa sifuri, kwa sababu juu na chini yake hulingana. Kwa hiyo kazi ya kanuni ya trapeza ni moja tu: kuyafuta mawimbi yote na kuiacha namba hiyo.

Je, vituo vinane vinaweza kufuta wimbi? Chukua kosini inayozunguka mara mbili. Kwenye vituo vinane inasomeka 1, 0, −1, 0, 1, 0, −1, 0. Jumla ni sifuri kamili. Wimbi linalozunguka mara tatu, mara tano au mara saba nalo linatoa jumla ya sifuri kamili. Wimbi la mara nane ndilo la kwanza kuleta shida. Kila kituo kinalikuta kwenye kilele chake, kwa hiyo vituo vinasoma 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1. Njia yetu inaliona kama namba isiyobadilika na kulijumuisha kwenye jibu. Hali hiyo inajirudia kwa mawimbi ya mara 16, 24, 32, na kila lingine linalogawanyika kwa nane.

Sasa tunaweza kulitaja kosa kwa jina. Kosa la trapeza lenye vituo N ni jumla ya ukubwa wa mawimbi ya N, 2N, 3N na kuendelea, bila kitu kingine. Tulipokosea kwa 0.0000107 kwenye vituo vinane, tulikuwa tunasoma ukubwa wa wimbi la nane lililomo ndani ya mkunjo wetu, pamoja na chembe ndogo sana ya wimbi la 16.

Swali la usahihi limegeuka kuwa swali la mawimbi: mawimbi ya haraka yana nguvu kiasi gani ndani ya mkunjo? Mkunjo laini una mawimbi ya haraka machache na hafifu, kwa sababu wimbi la haraka lenye nguvu lingeuparuza. Kwa duaradufu yetu tunaweza kusema hata ni hafifu kiasi gani. Mkunjo una ulaini wote hadi pale 1 − 0.36 sin²θ inapofika sifuri, yaani sini inapokuwa 5/3. Pembe za kawaida hazina sini inayozidi 1, lakini katika namba changamano jambo hilo linatokea, nalo hutokea umbali wa ln 3 kutoka kwenye mstari wa namba za kawaida. Umbali huo ndio unaopanga kasi: kwa wastani, kila kituo kimoja unachoongeza kinapunguza kosa kwa mara tatu au zaidi kidogo. Vituo vinne zaidi, mara 81 na zaidi. Vituo vinane zaidi, mara 6,561 na zaidi. Hesabu zetu za juu zilipita viwango hivyo kwa sababu kipeuo cha pili kinaongeza upungufu mdogo wa ziada.

Uwiano wa bustani unabadilisha kasi hiyo. Duaradufu iliyo karibu na duara inahitaji vituo vichache zaidi. Iliyobanwa sana kama mtumbwi inaleta lile shimo la namba changamano karibu zaidi na mstari wa kawaida, na vituo vingi zaidi vinahitajika. Tabia ya kupungua kwa kuzidishana inabaki, ila mara tatu inaweza kuwa mara moja na nusu.

Mwenye kompyuta anaweza kuyaona haya mwenyewe kwa mistari minne ya Python:

```
from math import sin, sqrt, pi
for n in (4, 8, 16, 32):
    s = sum(sqrt(1 - 0.36*sin(2*pi*k/n)**2) for k in range(n))
    print(n, 10*pi*s/n)
```

Njia bora inaposhindwa na njia dhaifu

Kanuni ya Simpson huchukuliwa kuwa hatua ya juu baada ya trapeza, na kwa mikunjo mingi ndivyo ilivyo. Inachanganya majibu mawili ya trapeza: mara nne jibu la vituo vingi, kutoa jibu la vituo nusu yake, kisha kugawanya kwa tatu. Mchanganyiko huo umepangwa ili kulifuta tabaka la h².

Duaradufu haina tabaka la h² la kufutwa. Tukichanganya majibu ya vituo 8 na 16 kwa njia ya Simpson tunapata 0.9027834840, kosa lake likiwa kubwa kuliko la trapeza ya vituo 16 kwa zaidi ya mara 6,000. Simpson imelichukua jibu zuri sana na kulichanganya na jibu la vituo vinane lisilo zuri, ili kutibu ugonjwa ambao haukuwepo. Kwa mkunjo laini unaojirudia, kuvipa vituo vyote uzito sawa ndiko kunakofuta mawimbi. Ukivipa uzito wa kupishana, unayaruhusu mawimbi ya nusu ya N yapenye.

Masharti na mitego

Sharti la kwanza ni mzunguko mzima. Ukipima kipande cha ukingo kutoka digrii 0 hadi 30, miteremko ya ncha haiwi sawa na kosa la h² linarudi mara moja. Robo ya duaradufu, digrii 0 hadi 90, inakubalika kwa sababu ya ulinganifu: mteremko wa mkunjo ni sifuri kwenye ncha zote mbili, na robo hiyo ni kioo cha robo nyingine.

Sharti la pili ni ulaini, na kujirudia peke yake hakutoshi. Umeme wa AC ukipitishwa kwenye rektifaya kamili, sehemu za chini za wimbi la sini hupinduliwa kwenda juu, na unapata vilima vinavyofuatana. Vilima hivyo vinajirudia, lakini vinapokutana chini vina kona kali: mteremko unaruka ghafla kutoka −1 hadi 1. Wastani wa kweli ni 2/π, yaani 0.63662. Ukikigawa kila kilima vipande vinane unapata 0.62842. Ukikigawa vipande 16 unapata 0.63457. Kosa limeshuka kutoka 0.0082 hadi 0.00205, mara nne tu. Kona moja imerudisha deni lote la ncha.

Sharti la tatu ni vituo vyenye umbali sawa kwa kipimo kile kinachojirudia. Vituo vikipangwa ovyo, mawimbi hayafutani tena.

Namna ya kutambua uko upande gani ni kuongeza vituo maradufu na kutazama mabadiliko ya jibu. Yakipungua mara nne kila hatua, kuna kona au ncha zisizolingana. Idadi ya tarakimu sahihi ikikaribia kuongezeka maradufu kila hatua, uko kwenye mkunjo laini unaojirudia na unaweza kusimama mapema.

Lakini majibu mawili yakifanana, usiamini upesi. Mkunjo wenye wimbi la 16 lenye nguvu ukipimwa kwa vituo 4, 8 na 16 unatoa jibu lile lile mara tatu, na mara zote tatu jibu ni la uongo, kwa sababu wimbi hilo liko kwenye kilele katika kila kituo. Dawa yake ni kuhesabu mara moja kwa idadi ya vituo isiyo katika mfululizo huo, kama 19 au 23, au kuhamisha kituo cha kwanza kidogo. Jibu likibadilika, kuna wimbi lililojificha.

Kwa hiyo, kabla hujatafuta njia ngumu ya kukadiria eneo, uliza maswali mawili: je, mkunjo huu unarudi ulikoanza, na je, hauna kona popote? Kama majibu yote mawili ni ndiyo, pima kwa umbali sawa, chukua wastani wa kawaida, na usiubadilishe kwa Simpson.